Power BI: Slaisa zichuje peji nzima ila kadi moja ya jumla isiguswe, inawezekana?

kijana_Mabawa
Wakuu habari za mchana, poleni na joto. Niko hapa Tanga mjini nashughulika na ripoti ya Power BI ya jamaa wanaokusanya maziwa ya wafugaji, vituo viko vitano, Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto na Handeni. Peji ni moja tu. Juu nina slaisa mbili, ya kituo na ya mwezi, chini kuna chati ya mihimili ya lita kwa kituo, chati ya mstari ya mwezi kwa mwezi, jedwali la wafugaji, afu kadi mbili ndogo na kadi moja kubwa kushoto. Hiyo kubwa bosi anataka ioneshe lita za vituo vyote kwa mwaka 2024, yaani 178,000, na isisogee mtu akichagua chochote kile.

Sasa nikichagua Pangani kila kitu kinaenda Pangani vizuri kabisa, na hiyo kadi nayo inaenda, inasoma 17,200. Bosi anauliza hii jumla gani inabadilikabadilika kila nikigusa. Mwaka nimeuweka kwenye filta ya peji pembeni, Mwaka = 2024, maana data ina 2023 pia. Nifanyeje slaisa zichuje vyote ila hiyo kadi moja iachwe?

Mkorogwe_halisi
Rahisi sana hiyo dogo, usihangaike na mamenyu. Tengeneza fomula yenye ALLSELECTED uiweke kwenye kadi, basi.

```
Lita Zote =
CALCULATE ( SUM ( Maziwa[Lita] ), ALLSELECTED ( Maziwa ) )
```

Mi naitumia kwenye ripoti zangu zote za asilimia na haijawahi kunigomea.

chai_ya_rangi
Au weka kisanduku cha maandishi uandike 178,000 kwa mkono, bosi hatajua 😂

kijana_Mabawa
@chai_ya_rangi data zinaingia kila usiku mkuu, kesho asubuhi mtaniita mwongo

@Mkorogwe_halisi nimeweka kama ulivyoandika, nimechagua Pangani, kadi bado inasoma 17,200. Nikitoa chaguo inarudi 178,000. Hamna kilichobadilika.

Mama_Raskazone
Haiwezi kubadilika mwanangu, kwa sababu ALLSELECTED kazi yake ni nyingine. Yenyewe inafuta mgawanyo uliomo ndani ya chati, ule wa mhimili wa Muheza, mhimili wa Korogwe na kuendelea, lakini kilichochaguliwa nje kwenye slaisa inakiheshimu. Ndo maana kwa asilimia ndani ya chati inampendeza Mkorogwe. Kadi haina mgawanyo wowote ndani yake, ina namba moja tu, kwaiyo ALLSELECTED ikifika pale haikuti cha kufuta, inakurudishia hiyohiyo 17,200.

Kwa ulichouliza huhitaji fomula. Fanya hivi, na ufuate mpangilio maana wengi wanaugeuza. Fungua ripoti kwenye Power BI Desktop, bonyeza slaisa ya kituo mara moja mpaka iwe imeshikwa, uone fremu yake. Nenda juu kwenye menyu ya `Format`, bonyeza `Edit interactions`. Hapo hapo utaona vialama vimejitokeza kwenye pembe za chati, jedwali na kadi zote nyingine kwenye peji, isipokuwa kwenye hiyo slaisa yenyewe uliyoishika. Kimoja kina umbo la faneli, maana yake "nichuje", kingine ni duara lenye mstari wa kukata, hicho ndo `None`. Nenda kwenye kadi kubwa, bonyeza duara. Vingine usiviguse, viache kwenye faneli.

Halafu, bila kutoka kwenye hiyo hali, bonyeza slaisa ya mwezi uishike, urudi tena kwenye kadi ubonyeze duara. Hapa ndo watu wanapoteleza, wanafanya kwa slaisa moja wanadhani kadi imeshakingwa na dunia nzima. Haijakingwa. Mpangilio unawekwa kwa kila jozi, huyu anayechuja na yule anayechujwa. Ukimaliza bonyeza `Edit interactions` tena uizime, uhifadhi.

Na kinyume chake usifanye, yaani usiishike kadi ukaenda kuweka duara kwenye slaisa. Hapo utakuwa unaiambia kadi isichuje slaisa, na kadi ya namba moja tangu lini ikachuja kitu.

Kaole_dafu
Samahani kuingilia uzi, mimi niko Bagamoyo, naweka mahesabu ya nyumba ya wageni huku karibu na Kaole. Nami slaisa zinanisumbua hivyohivyo, nina jedwali la wageni limewekwa slaisa ya mwezi, chini kuna jumla ya mapato, nikichagua Juni jumla nayo inakuwa ya Juni wakati nataka ya mwaka. Ila hiyo menyu ya Format mama anayosema naiona lakini Edit interactions hamna kabisa. Nimetafuta mpaka macho yameuma. Au toleo langu la zamani?

Mama_Raskazone
@Kaole_dafu mdogo wangu unatumia Power BI au Excel?

Kaole_dafu
Excel. Kwani si kitu kimoja?

chai_ya_rangi
😂😂😂

kijana_Mabawa
Mama nimefanya slaisa zote mbili, imekubali! Nimechagua Pangani kadi imetulia 178,000, nimeongeza mwezi wa tatu kwenye slaisa ya mwezi bado imetulia, kadi ndogo na chati zote zimefuata. Ahsante sana.

Ila sasa kuna jambo limezuka. Nikibonyeza mhimili wa Lushoto kwenye chati, si slaisa, kwenye chati yenyewe, kadi inaruka inasoma 51,300. Nikibonyeza tena mhimili inarudi. Hii imetoka wapi?

Mama_Raskazone
Imetoka palepale. Kwenye Power BI si slaisa tu inayochuja, mhimili nao ukibonyezwa unachuja wenzake, nukta ya chati ya mstari nayo, na hata mstari wa jedwali la wafugaji, bonyeza jina moja uone. Kwaiyo rudi kwenye `Edit interactions`, shika chati ya mihimili, weka duara kwenye kadi kubwa, fanya hivyo kwa chati ya mstari na kwa jedwali. Utaona tofauti ndogo, ukishika chati ya mstari au jedwali, ile chati ya mihimili inakuwa na kialama cha tatu chenye umbo la mihimili, hicho ni cha kufifisha badala ya kuchuja. Kwenye kadi hakipo, kadi haina cha kufifisha.

Na kitu cha kukusaidia kujua nani anaigusa kadi, badala ya kubahatisha: peleka kishale juu ya kadi, pembeni kwenye pembe yake kitatokea kialama kidogo cha faneli, ukikiweka kishale hapo kinaorodhesha filta na slaisa zote zinazoigusa hiyo kadi kwa wakati huo. Chagua Pangani na mwezi wa tatu halafu soma orodha. Ukiona Mwaka ni 2024 peke yake uko salama, ukiona Kituo au Mwezi bado upo pale basi kuna mtu hujamwekea duara.

kijana_Mabawa
Naona Mwaka is 2024 tu sasa. Swali, huo mwaka mbona haukutoka na wenyewe? Nauliza tu, mi nataka ubaki.

Mama_Raskazone
Utabaki, kwa sababu filta ya peji haipiti kwenye mambo ya `Edit interactions`. Ile inakamata kila kitu kilichoko kwenye peji bila kuuliza. Kwako imekuwa bahati, ni hicho unachotaka. Mtu aliyeweka Kituo kwenye filta ya peji akategemea duara limwokoe, atabonyeza mpaka usiku.

Mkorogwe_halisi
Sawa mama nimekuelewa kwenye ALLSELECTED, lakini bado nasema hii njia ya kubonyeza vialama ni kazi ya punda. Leo ana vitu vitano, kesho bosi akiongeza chati mbili na slaisa ya mfugaji? Si atasahau? Mi ningeweka ALL tu kwenye fomula, imalize kila kitu.

```
Lita Zote =
CALCULATE ( SUM ( Maziwa[Lita] ), ALL ( Maziwa ) )
```

Mama_Raskazone
Kuhusu kusahau una haki kabisa. Kila chati mpya inayoingia kwenye peji inakuja imewashwa kuchuja wenzake wote, na ukifuta kadi ukatengeneza nyingine, ile mpya haijui duara lolote. Ni jambo la kukagua kila ukiongeza kitu.

Ila hiyo ALL yako itamharibia. Ajaribu aone namba gani inatoka.

kijana_Mabawa
Nimejaribu. Imetoka 339,000 😳 vituo vyote vya 2024 ni 178,000 sasa hizi nyingine za nani

Mama_Raskazone
Ni za 2023, lita 161,000. Jumlisha na 178,000 utapata hiyo 339,000. ALL ya jedwali la Maziwa inafuta filta zote zinazolifikia jedwali hilo, pamoja na zile zinazotoka kwenye majedwali yaliyounganishwa nalo kama Kalenda na Vituo. Mwaka uko kwenye Kalenda, kwaiyo filta yako ya peji nayo imefagiliwa. Na ubaya wake ni kwamba kama data ingekuwa ya mwaka mmoja tu, namba ingetoka sawasawa, mngepongezana, halafu Januari inayofuata data mpya ikiingia jumla inavimba na hakuna anayejua kwanini.

Ukitaka kwa fomula, taja unachofuta, usifagie nyumba nzima:

```
Lita Vituo Vyote =
CALCULATE (
    SUM ( Maziwa[Lita] ),
    REMOVEFILTERS ( Vituo ),
    REMOVEFILTERS ( Kalenda[Mwezi] )
)
```

Hii inatoa kituo na mwezi, mwaka unabaki. Lakini angalia slaisa yako ya kituo umeivuta kutoka jedwali lipi. Kama umechukua safu ya Kituo iliyomo kwenye Maziwa badala ya ile ya kwenye Vituo, huo mstari wa REMOVEFILTERS ( Vituo ) hautagusa kitu na kadi itaendelea kusoma 17,200, utadhani fomula mbovu kumbe slaisa ndo imetoka mlango mwingine. Kingine, slaisa ya mfugaji ikiongezwa fomula nayo itabidi iongezewe mstari, kwaiyo Mkorogwe kwenye fomula pia kuna kusahau.

Mkorogwe_halisi
Hapo kwenye mwaka sikufika, nakubali. Ila bado kwa ladha yangu fomula ni bora kuliko vialama, fomula naisoma, duara siwezi kulisoma mpaka nishike kitu kimojakimoja.

Mama_Raskazone
Kwenye kusomeka nakupa. Mimi nagawa hivi: kama ni kadi ya kuangalia tu, imesimama peke yake, naweka duara. Kama ile jumla itaingia kwenye hesabu nyingine, hapo lazima fomula, maana duara linafanya kazi kwa kadi nzima, halijui namba iliyomo ndani. Hata kwenye kadi zile zinazobeba namba kadhaa pamoja, huwezi kusema hii ichujwe hii isichujwe, ukiweka duara zote zinagoma.

kijana_Mabawa
Hapo umenigusa, bosi juzi alisema anataka na asilimia, yaani nikichagua Pangani ioneshe Pangani ni asilimia ngapi ya jumla. Nilikuwa nafikiri nichukue namba ya kadi niigawe.

Mama_Raskazone
Namba iliyoko kwenye kadi huwezi kuichukua ukaigawa, kadi ni dirisha la kuonesha tu. Tumia fomula ile ya juu:

```
Asilimia ya Jumla =
DIVIDE ( SUM ( Maziwa[Lita] ), [Lita Vituo Vyote] )
```

Iweke kwenye kadi nyingine, hiyo iache ichujwe kama kawaida bila duara. Pangani peke yake utapata 17,200 kwa 178,000, kama 9.7% hivi. Lakini muulize bosi swali moja kabla hujampelekea: akichagua Pangani na mwezi wa tatu, anataka lita za Machi za Pangani zilinganishwe na Machi ya vituo vyote, au na mwaka mzima? Fomula ilivyo sasa inagawa kwa mwaka mzima, asilimia itakuwa ndogo sana, mtu atadhani Pangani imekufa. Kama anataka Machi kwa Machi, tengeneza fomula nyingine ya kugawia isiyo na ule mstari wa Kalenda[Mwezi].

Na kwenye kichwa cha kadi kubwa andika wazi "Vituo vyote, 2024". Usipoandika, mtu wa kwanza atakayechagua Lushoto akaona kadi haitikisiki atakupigia simu kwamba ripoti imeganda.

Pwani_ya_Pangani
Mmetusema sana Pangani leo, mvua ilikata barabara ndo maana maziwa hayakufika 😂 ila swali langu, nikikopi slaisa nikaipeleka peji ya pili kwa ile `Sync slicers`, haya maduara yanaenda nayo?

Mama_Raskazone
Hahaha pole. Kinachosawazishwa ni chaguo, yaani ukichagua Pangani peji ya kwanza na ya pili inakuwa Pangani. Maduara ni ya peji kwa peji, kwaiyo peji ya pili unaweka upya. Na kama slaisa ya peji ya pili umeificha, bado inachuja kimyakimya. Ioneshe kwanza, weka duara, kisha ifiche. Ukikopi peji nzima ndo maduara yanakuja nayo.

mhasibu_Makorora
@Kaole_dafu naona umesahaulika. Kama yako ni jedwali la kawaida la Excel, sio pivoti, basi hiyo jumla ya chini inatumia SUBTOTAL, bonyeza kwenye seli uone, itakuwa na 109 ndani. SUBTOTAL ya 109 inaruka mistari iliyofichwa na slaisa. Nenda seli nyingine juu ya jedwali, usiweke ubavuni kwa sababu mistari ikifichwa na seli yako itafichwa nayo, andika:

```
=SUM(Wageni[Mapato])
```

Hiyo haijali slaisa, inahesabu mistari yote. Badilisha Wageni iwe jina la jedwali lako. Kama ni pivoti, bonyeza kulia kwenye slaisa, `Report Connections`, toa tiki kwenye pivoti ya jumla.

Kaole_dafu
Eeh imekubali! Juu inasoma mwaka chini inasoma Juni. Ahsante kaka mhasibu, Mungu akuzidishie. Ukija Bagamoyo chai ipo.

fundi_Chumbageni
Nimesoma uzi wote vizuri, ila hakuna aliyeuliza jambo moja. Kijana, hiyo ripoti wataiona na wasimamizi wa vituo? Umeweka ulinzi wa mistari, kwamba msimamizi wa Pangani aone Pangani tu?

kijana_Mabawa
Ndio kaka, nimeweka kwenye `Manage roles`, jedwali la Vituo, [Kituo] = "Pangani" kwa yule wa Pangani na wengine hivyohivyo.

fundi_Chumbageni
Basi nenda `Modeling`, bonyeza `View as`, chagua Pangani, uangalie kadi kubwa.

kijana_Mabawa
17,200. Duara lipo. Nimeweka na ile fomula ya REMOVEFILTERS kwenye kadi nyingine nayo inasoma 17,200. Mbona hivi jamani.

Mama_Raskazone
Kweli fundi, hapo nilikuwa sijafika. Ulinzi unakata mistari kabla ya slaisa, kabla ya duara na kabla ya fomula yoyote. Kwa msimamizi wa Pangani, vituo vingine havipo kabisa, kwaiyo "vyote" kwake ni Pangani. Hakuna fomula ya kuruka hilo, na ingekuwepo ulinzi usingekuwa ulinzi.

fundi_Chumbageni
Njia iliyopo ni kutengeneza jedwali dogo la jumla lisilounganishwa na Vituo:

```
JumlaMwaka =
SUMMARIZECOLUMNS (
    Kalenda[Mwaka],
    "Lita", SUM ( Maziwa[Lita] )
)
```

Jedwali la namna hii linahesabiwa wakati data inapakiwa, sio wakati mtu anafungua ripoti, kwaiyo ulinzi wa mtu hauligusi. Kadi inasoma Lita ya humo. Kwa vile halijaunganishwa na chochote, slaisa hazilifikii na duara halina kazi tena, lakini na filta yako ya peji ya Mwaka nayo hailifikii, kwaiyo weka filta kwenye kadi yenyewe, JumlaMwaka[Mwaka] = 2024, la sivyo 339,000 inarudi.

Mkorogwe_halisi
Safi, ila hapo si umetoboa ulinzi kwa mlango wa nyuma? Msimamizi wa Pangani si ndo hakutakiwa kujua wenzake wanaleta kiasi gani

fundi_Chumbageni
Anajua jumla, hajui ya nani. Japo kungekuwa na vituo viwili tu angetoa yake akapata ya mwenzake. Kwa vitano mi sioni shida.

Mkorogwe_halisi
Wewe huoni, mwenye maziwa je? Lushoto akiona jumla atajua yeye peke yake anabeba zaidi ya robo, kesho anadai bei.

kijana_Mabawa
Jamani hapo si pangu kuamua, ngoja nimuulize bosi kama wasimamizi waione jumla au niwafichie kadi kabisa. Kwa sasa nimeacha duara, jedwali la JumlaMwaka nimelitengeneza ila sijaliweka kwenye kadi. Akijibu nitarudi hapa, na mama bado nina swali kuhusu ile asilimia ya Machi.